Ukuta wa Saluni

Mume wangu ni mwashi, na kama walivyo waashi wengi, nyumba yake mwenyewe ndiyo ya mwisho kumalizwa. Alitujengea vyumba vitatu na ukumbi si mbali na Gombani, akaezeka mabati, akapiga plasta nje ili wapita njia wasitucheke, na ndani akaziacha kuta zikomee juu kidogo ya milango. Kutoka hapo hadi kwenye bati ni uwazi mtupu. Ukipiga chafya chumbani kwetu, watoto wa chumba cha pili wanakuombea rehema. Nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo, na watu wamezaa na kulea humo bila ya kuona tatizo.

Chumba cha mbele kilikuwa cha wageni. Nilipochoka kwenda kuwasuka watu majumbani mwao nikakigeuza saluni. Nataka niseme kwamba sikukurupuka. Nilikwenda kwa sheha, nikakata leseni, na kabla ya hayo yote nilikwenda kwa jirani yangu, mama mjane ambaye mlango wake na wangu inatazamana, katikati yetu kichochoro cha kupita mtu na baiskeli yake. Nilimkuta anaanua karafuu mkekani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanambia mambo yake waziwazi.

"Maji yako ya dawa yasipite kwangu, naanika hapa. Viatu vya watu visinizibie njia. Na hizo nyimbo za saluni, mwanangu, mie nina wana wa chuoni wanasoma hapa jioni."

Wana wa chuoni ndio watoto wa Kurani, aliokuwa akiwasomesha barazani. Nilikubali yote na nikayatimiza. Mume wangu alichimba shimo nyuma, akalijaza mawe, akapitisha bomba la maji machafu chini kwa chini. Viatu nilivitengenezea ubao wa kuvipanga ndani. Nyimbo sikuweka hata siku moja. Nywele zilizokatika nilizikusanya na kuzifukia, kwa sababu hakuna mwanamke wa kwetu atakayerudi kwako akiona nywele zake zinapeperuka njiani.

Ndani ya nyumba nako niliweka sheria, na kwa sheria hizo nilijiona hodari. Wateja wangu ni wanawake wa buibui, wengine hata uso hawauonyeshi nje. Mtu wa namna hiyo hakuvulii mtandio mpaka awe na uhakika. Kwa hiyo nilipigilia msumari kwenye mlango wa nje, nikawa natundika kanga. Kanga ikiwa pale, mume wangu hapiti mlango ule, wala wanangu wa kiume, wala fundi umeme, wala nani. Wao wanazunguka mlango wa jikoni, wanapiga hodi, na wanangoja niitike. Simu zote zinazimwa sauti na kuwekwa kikapuni karibu na mlango, yangu ikiwa ya kwanza, ili asitokee mjinga mmoja akampiga mwenzake picha kichwa wazi. Dirisha limefungwa na pazia zito limeshushwa.

Sasa, ukifunga dirisha, harufu ya dawa ya nywele itoke wapi? Ile dawa ni kali. Unampaka mtu mafuta ya mgando pembezoni mwa nywele na masikioni isimuunguze, unavaa glavu, unamuuliza kama amejikuna kichwa jana, na pamoja na yote hayo macho yanakutoka machozi. Harufu ilitokea juu ya ukuta. Ilipanda, ikaingia chumba chetu cha kulala, ikapotea kwenye mabati. Mume wangu aliniambia zaidi ya mara moja, "Ukuta ule niumalize." Mimi nikamwambia aache, tutakufa kwa joto na dawa, na pesa za matofali hayo bora tununulie mashine ya kukaushia nywele. Ni mtu wa kunyamaza, na mimi ni mtu wa kushinda.

Chumba kikawa chumba. Sikujua kama wanawake wana maneno mengi hivyo. Mtu anaingia amefungika kama barua, anavua buibui, anakaa, vidole vyangu vinaingia kichwani mwake, na haijafika nusu ya kichwa ameshasema habari za mumewe, mawifi zake, tumbo lake, na ndoto aliyoota. Nilikuwa nikiwaambia wateja wapya, "Sema utakalo, humu hamna mwanamme." Kila mtu alisema lake, na mimi sikuwa bubu. Kicheko chetu kilikuwa kikubwa. Nilijivunia chumba kile kuliko nilivyojivunia kitu chochote nilichopata kuwa nacho.

Mume wangu kwa upande wake alizidi kukaa nje. Akitoka kazini anaoga, anachukua sahani yake na kwenda kula kwa fundi baiskeli. Nilidhani ni kwa ajili ya heshima ya wateja. Ilinipendeza.

Mwaka jana binti wa jirani yangu yule akaposwa. Ni mtoto niliyemuona akitambaa. Baba yake alipofariki, mume wangu ndiye aliyepandisha bati lililong'oka, ndiye aliyempeleka binti hospitali ya Chake alipovunjika mkono, na binti akawa anamwita baba bila ya kufundishwa. Mama yake alikuja kwangu mwenyewe. Nyumba yake imejaa wageni kutoka Wambaa na Unguja, hapana pa kukaa, na mwari anataka utulivu wa kupakwa hina na kukaa na somo wake. Kwetu mama hakai na bintiye kumfundisha mambo ya unyumba. Kazi hiyo ni ya somo, na mama akiwepo ni aibu kwa wote wawili.

"Nakupa wewe ntoto wangu," akanambia. "Kwako najua kuna sitara."

Alitaka nimpake ile piko nyeusi ya kuchanganya na rangi ya nywele, kama wengine walivyofanya. Nikakataa, kwa sababu niliwahi kuona mkono wa mteja umevimba malengelenge kwa piko hiyo. Tukakubaliana hina tupu. Siku ile niliwafungia mlango wateja wote wengine. Nikatundika kanga. Simu yangu nikaitia kikapuni, juu yake ya mwari, juu yake ya somo.

Somo alikuwa mama wa kutoka Ole, mwenye sauti nene na uso wa masihara. Alikaa kigodani huku mimi nikipaka. Nilianza na miguu, maua madogo yanayopanda hadi kwenye goti, kisha mikono. Mwari alivaa kanga moja kifuani, nyingine magotini, nywele amezifungua. Hina ikishapakwa mtu hawezi kushika kitu. Anakaa mikono mbele kama anayepokea dua, na hapo ndipo somo anapopata nafasi yake, maana mwari hana pa kukimbilia.

Alianza na mepesi: namna ya kumpokea mtu, namna ya kufukiza nguo. Tukacheka. Kisha akasogeza kigoda, akashusha sauti, ingawa sauti yake hata ikishushwa inafika Mkoani, akasema, "Sasa nisikilize vyema, mwanangu. Usiku ule wa kwanza—"

Hapo ukuta ukakohoa.

Si kikohozi cha ugonjwa. Kila mwanamke wa kwetu anakijua kikohozi kile: ni cha mwanamme anayekaribia mahali penye wanawake, anakohoa ili wajifunike. Kilitoka upande wa pili, juu ya kitanda changu, karibu kiasi cha kuwa kama ametukoholea sikioni.

Mwari alipiga ukelele na kusimama. Akataka kuivuta kanga, mikono imejaa hina, akaiacha, akawa amesimama katikati ya chumba mikono juu, hajui ajifunike nini. Nikamtupia kanga yangu ya kichwani. Maua yote niliyoyapaka yakavurugika, yakawa matope mabegani na shavuni.

"Pana ntu!" somo akasema. "Weye ulinambia humu hamna mwanamme!"

Nilikwenda chumbani kwangu nikiwa nimejaa hasira, na nataka nikiri kuwa nilikuwa na matusi tayari mdomoni. Nilimkuta mume wangu amejikunyata ukutani, amejifunika blanketi, anatetemeka kwa homa, mto ameuweka juu ya kichwa na ameubana kwa mikono miwili. Alinitazama kwa jicho moja.

"Nimekupigia," akasema. "Sana. Hushiki."

Alikuwa ameanguka kazini. Wenzake wakamleta. Aliona kanga mlangoni, akazunguka jikoni, akapiga hodi, tukawa tunacheka, hatukusikia. Miguu haikumbeba tena, akaingia akalala. Usingizi ulimchukua, na kilichomwamsha ni sauti ya somo. Simu yangu, nilipoitoa kikapuni baadaye, ilikuwa imejaa jina lake.

Nilirudi kwa wanawake wangu. Kwa mara ya kwanza nikautazama ule uwazi juu ya ukuta kama anavyoutazama mgeni. Ulikuwa mpana wa kupitisha mtu. Ningewezaje kukaa chini yake siku zote hizo nikiwaahidi wake za watu sitara?

Mwari alikuwa analia kimya. Somo alimfuta shavu kwa ncha ya kanga, kisha akanigeukia.

"Mamake asijue. Akijua, harusi hii ataifanya matanga. Watatu sisi na huyo mumeo. Yasitoke."

Nikakubali. Nikamkosha mwari hina, nikaanza upya, tukangoja mpaka ikakauka. Alipokuwa anavaa buibui ndipo aliponiuliza kile kilichomkaa moyoni.

"Bi mkubwa, baba si ndiye shahidi?"

Sikuwa nimekumbuka. Ami yake ndiye aliyekuwa walii wa kumwozesha, na mashahidi walikuwa wawili, mmoja wao mume wangu. Mama yake alimwomba mwenyewe. Kabla ya nikaha kusomwa msikitini, walii na mashahidi huja nyumbani, wanasimama nyuma ya pazia, wanamuuliza bibi harusi kama ameridhia, na yeye aitikie wasikie.

"Ntaitikaje na yeye yuko hapo?" akasema. "Sauti haitatoka. Wallahi haitatoka."

Usiku nilimweleza mume wangu. Homa ilikuwa imeshuka kidogo, anakunywa uji. Alisikiliza hadi mwisho akaweka kikombe. Siku ya harusi, alfajiri, alichukua mfuko wake wa vyombo vya kazi, akasema kuna msingi Wambaa hauwezi kungoja, akaondoka. Alimtuma mtoto wetu kwa ami wa mwari kwamba atafutwe shahidi mwengine.

Kwetu unaweza kumkosea jirani mengi akakusamehe. Kuikimbia harusi ya yatima uliyemlea mlango kwa mlango, tena wewe shahidi, tena kwa ajili ya saruji, ni jambo jengine. Mwari aliitika vizuri, nilikuwemo ndani, nilisikia. Sauti yake ilikuwa safi. Wanawake wakapiga vigelegele na mimi nikapiga, na katikati ya vigelegele mama yake alinitazama tu, akaendelea na shughuli zake.

Jioni zilipogawiwa sahani za biriani, kila nyumba ya kichochoro ilipata. Yetu ililetwa ya watoto na mimi. Mleta sahani alisema kama alivyotumwa, "Hii ya kwako na wanao." Mume wangu aliporudi alinikuta nimeifunika kwa kawa sijaila. Akanambia nile, isipoe, akaenda kujichemshia muhogo.

Baada ya hapo jirani aliacha kumwitikia salamu vizuri. Anasema "salama" huku anautazama mkeka wake. Kuna siku alisema kwa sauti, akiwa na mwenzake barazani, nami nafua upande wa pili: "Nilimfanya ndugu. Kumbe ndugu yake ni kazi." Mume wangu alikuwa anapita na ndoo. Alizidi kwenda.

Mara ngapi nilitaka kuvuka kile kichochoro! Siku moja nilifika hadi ukingoni mwa baraza yake, nikakaa, nikasema, "Bi mkubwa, lile la harusi—" Naye akaniambia, "Usimtetee mumeo, mwanangu, kila mtu ana tabia yake." Kusema kweli ya mume wangu ni kumvua nguo binti yake, na kumsitiri binti ni kumwacha mume wangu na jina baya. Nikainuka. Nilipofika kwangu nilikuwa na haya hata ya kujitazama katika vioo vyangu vya saluni, na viko ukuta mzima.

Nilifunga kazi. Wateja niliwaambia natengeneza chumba. Mume wangu hakungoja niombe. Alileta matofali mawili matatu kila alipotoka kazini, mengine mabovu ya kutupwa, akayapanga jikoni mpaka yakatosha, akajenga. Nilimshikia taa na kumpandishia udongo. Upande wa nje, juu kabisa unapotazama migomba, alitoboa akaweka matofali ya matundu ili harufu ya dawa ipate pa kutokea bila ya mtu kuchungulia. Ule wa chumbani kwetu aliupandisha mpaka ukagusa bati, akaziba hata mianya ya mawimbi ya bati kwa saruji, kwa vidole. Jambo lilikuwa dogo hivyo. Ningemruhusu tangu mwanzo ingekuwa kazi ya siku chache.

Mwari alikuja baada ya fungate kukoshwa nywele. Hakuvua mtandio mlangoni kama zamani. Alisimama kwanza akatazama juu, akaufuata ukuta kwa macho kutoka pembe hadi pembe, ndipo akaketi. Nilikuwa nimemmiminia maji kichwani, macho ameyafumba, aliposema.

"Baba kaondoka kwa ajili yangu. Najua. Mwambie nimeona."

"Ntamwambia."

"Na mama ntamwambia kuwa mie ndiye niliyemwomba asije. Sababu simwambii. Mwache anikasirikie mie."

Nilimkausha nywele nikilia, na kwa kuwa mashine ilikuwa inavuma hakunisikia.

Mchana ule ule mteja mwengine alikuwa amekaa kitini anangoja, nikamwacha kidogo nikamfuata mume wangu jikoni. Alikuwa amerudi mapema, anakula. Nikakaa karibu naye na kumfikishia maneno ya binti kama yalivyo, nikifurahi, kwa sababu niliona mzigo unaanza kutushuka.

"Huyo ntoto mwambie atulie," akasema. "Mie sikusikia lake lolote. Nilikohoa pale pale."

"Alhamdulillahi," nikasema.

Akamega tonge, hakulipeleka mdomoni.

"Weye ndiye niliyekuwa nikikusikia."

"Siku ile?"

"Siku zote. Kabla sijaanza kukaa kwa fundi baiskeli."

Hakutaja neno gani. Hakuwa na haja. Nilikumbuka mwenyewe, si moja tu, yalikuja yote kwa pamoja: jinsi nilivyoiga anavyokoroma, jinsi nilivyomhesabia anachompa mama yake. Na lile nililolisema nikiwa na kitana mkononi, chumba kimejaa, mtu mmoja ameniuliza nilimpendea nini mume huyu. "Kumpenda? Mie nilimtaka mwengine. Huyu nilipewa tu, kama zaka." Walicheka mpaka mmoja akateremka kitini. Nami nililirudia wiki nyengine kwa wateja wengine, kwa kuwa lilichekesha.

Nilitaka kumwambia yalikuwa maneno ya saluni, kwamba watu husema. Alimaliza kula, akaosha sahani yake mwenyewe, akaiegemeza ukutani.

"Kanga ipo mlangoni," akasema. "Nenda, ntu wako anakungoja."

Akatoka kwa mlango wa jikoni. Nikarudi chumbani, nikasimama nyuma ya kiti. Mteja akaniuliza kama mume wangu hajambo. Nikamwambia hajambo, nikashika kitana kumgawa nywele, na njia ya katikati ya kichwa ikaenda upande, nikaifuta, nikaigawa tena, ikaenda upande.